Maji Yanayotoka Chini ya Sakafu: Mfereji wa Kokoto na Pampu ya Shimoni

Maji huingia katika vyumba vya chini vya nyumba kwa njia mbili, na kila njia ina tiba yake. Ya kwanza ni ya juu: maji yanatiririka juu ya ardhi, yanafika mlangoni, yanaruka kizingiti. Ya pili ni ya chini: mvua imelowesha udongo mpaka umeshiba, na maji yaliyomo ndani ya udongo yanasukuma ukuta na sakafu kutoka nje, kisha yanapenya mahali ukuta unapokutana na jamvi. Mtaro wa juu na kizingiti kirefu hutibu njia ya kwanza. Mfereji wa kokoto na pampu hutibu ya pili. Fedha nyingi hupotea pale tiba ya njia moja inapotumiwa kwa njia nyingine.

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, iko katika ukanda unaopata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Jambo hili lina maana kubwa kwa msingi wa nyumba. Mvua ya Novemba huikuta ardhi kavu, iliyopasuka kwa jua la miezi mingi, nayo huinywa. Mvua hiyohiyo ikinyesha Februari au Machi huikuta ardhi imekwisha kunywa na haina tena nafasi. Ndiyo maana nyumba iliyopita salama wiki za mwanzo za msimu inaweza kujaa maji katikati ya msimu kwa mvua isiyozidi ile ya kwanza.

Mwenye nyumba anaweza kutambua njia iliyotumiwa na maji kwa kutazama saa. Maji yakionekana dakika chache tangu mvua ianze na kukauka upesi ikikatika, ni maji ya juu. Yakionekana saa kadhaa baadaye, au yakaendelea kutoka siku mbili baada ya jua kuwaka, yanatoka ardhini. Dalili nyingine ni mahali. Maji ya juu huacha tope na takataka karibu na mlango. Maji ya ardhini huwa maangavu zaidi, hutokea kwenye pembe, kwenye nyufa za jamvi au kwenye mstari wa chini wa ukuta, na yakikauka huacha unga mweupe wa chumvichumvi kwenye plasta.

Kuna pia unyevu ambao si mafuriko. Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kikibandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kuachwa siku nzima, hutoa jibu. Matone yakijikusanya juu ya nailoni, ni hewa yenye unyevu iliyogusa sakafu ya baridi, na dawa yake ni madirisha. Matone yakiwa chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Sakafu inayolowa hivyo tu, bila maji kusimama, ilikosa karatasi ya nailoni chini ya jamvi wakati wa kujenga, na mfereji wa kokoto hautaiponya.

Nyumba zenye chumba kilicho chini ya ardhi kabisa ni chache Mkwajuni. Lakini zipo nyumba zilizochongewa kiwanja kwenye mteremko, hapo na Tunduma pia, ambapo fundi alikata udongo upande wa juu, akasawazisha, akajenga. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya namna hii umeshikilia ardhi mgongoni. Mbele unaingia kwa miguu bila ngazi, nyuma udongo umefika usawa wa dirisha. Kwa habari ya maji, chumba cha nyuma ni chumba cha chini ya ardhi, hata kama hakuna anayekiita hivyo.

Kosa linaloitesa nyumba hii hufanyika siku ya kujaza. Ili waashi wapate nafasi ya kusimama, shimo huchimbwa pana kuliko msingi. Ukuta ukikamilika, ile nafasi iliyobaki nyuma yake hujazwa vipande vya matofali, mchanga uliosalia na udongo uliofukuliwa, mara nyingi bila kushindiliwa. Kijazio hicho ni legevu kuliko ardhi ya asili inayokizunguka. Maji ya mvua hupita kwa urahisi ndani yake, yakifika chini hukuta udongo mgumu usiopitisha, na hayana pa kwenda. Nyumba inakuwa imekaa ndani ya bakuli.

Maji yaliyosimama katika bakuli hilo yana nguvu ambayo wengi huidharau kwa sababu hayaonekani. Kina cha mita moja cha maji husukuma kila mita ya mraba kwa uzito wa kilo 1,000. Jamvi la zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa mita ya mraba. Kwa hesabu hiyo, maji yakipanda nje hadi sentimita 30 juu ya upande wa chini wa jamvi, husukuma kwenda juu kwa kilo 300, zaidi ya uzito wa jamvi lenyewe. Sakafu haiinuki yote kwa sababu kuta zinaibana, lakini katikati hupasuka, na ufa huo unakuwa kisima. Kuziba ufa kwa saruji kutoka ndani hakuondoi msukumo. Maji yatatafuta ufa mwingine, na mara nyingi huupata katika msimu uleule. Kinachotakiwa ni kuyapa maji njia rahisi zaidi ya kupita kuliko sakafu.

Kabla ya kuchimba chochote, maji ya paa yashughulikiwe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ichukuliwe nyumba ya mita 12 kwa 10 ambayo bati lake limechomoza sentimita 60 kila upande: paa lake ni karibu mita za mraba 150. Mvua ya milimita 50 inaangusha juu yake lita 7,500, yaani tangi la lita 5,000 na nusu yake. Bila mifereji ya bati, nusu ya maji hayo huanguka nyuma, moja kwa moja ndani ya lile bakuli. Yakikusanywa kwa mifereji na kupelekwa kwa bomba mita kadhaa mbali na ukuta, au kwenye tangi la kutumia kiangazi, huenda tatizo lote likaishia hapo. Ardhi inayoizunguka nyumba nayo ipewe mteremko wa kuikimbia nyumba, sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita 3 za mwanzo. Upande wa juu wa kilima uchimbwe mtaro wa wazi unaokinga maji ya juu na kuyapitisha kando. Kazi hizi ni nafuu kuliko mfereji wa kokoto, na kuzifanya baada yake ni kuanza kazi mkiani.

Maji yakiendelea kutoka chini hata baada ya hayo, ndipo mfereji wa kokoto unapohitajika. Kwa Kiingereza mfereji huu huitwa wa Kifaransa, lakini Ufaransa haihusiki. Jina limetokana na Henry Flagg French, mwanasheria wa Massachusetts huko Marekani, aliyeandika kitabu juu ya kukausha mashamba mwaka 1859. Wazo la mfereji huu ni jepesi. Maji hufuata njia yenye ukinzani mdogo; kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi kubwa kuliko kati ya chembe za udongo; kwa hiyo maji yakifika kwenye kokoto hushuka, huingia kwenye bomba lenye matundu na kuondoka kwa mteremko.

Turudi kwenye nyumba ya mita 12 kwa 10. Nyuma, udongo umesimama mita 1.2 juu ya sakafu. Mbele, ardhi iko sawa na sakafu. Mfereji utaanzia pembe ya nyuma, upite nyuma ya ukuta wote mita 12, ukunje kona, ushuke ubavuni mita 10 mpaka mbele. Jumla ni mita 22. Mteremko unaotosha ni sentimita moja kwa kila mita, hivyo mwisho wa mfereji utakuwa chini ya mwanzo wake kwa sentimita 22. Mwanzo ukichimbwa sentimita 30 chini ya uso wa sakafu, mwisho utakuwa sentimita 52. Kina hiki kinapimwa kwa mpira mwangavu wa maji ambao kila mwashi anao, wala si kwa macho. Bomba lenye bonde katikati hukusanya tope hapo na kuziba.

Kipimo cha sentimita 30 chini ya sakafu kina sababu. Mfereji unavuta maji mpaka usawa wake tu. Ukiwa juu ya sakafu, utakausha ukuta na kuiacha sakafu ikivuja, na hili ndilo kosa la kawaida la mifereji inayolaumiwa kuwa haifanyi kazi. Hata hivyo usichimbwe chini ya kitako cha msingi, maana udongo uliobeba nyumba unaweza kuteleza kuingia shimoni. Katika nyumba hii kitako cha msingi kiko sentimita 80 chini ya sakafu, kwa hiyo sentimita 52 bado ni salama. Fundi achimbe kwanza kishimo kimoja cha kupima ili aone kitako kilipo, asikisie.

Nyuma ya nyumba kina cha mfereji kitafika mita 1.5 na zaidi kutoka uso wa ardhi. Shimo la kina hicho humwangukia mtu, hasa kwenye udongo uliowahi kufukuliwa. Kuta zake zikingwe kwa mbao au zilazwe kwa mteremko, udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, na kazi ifanywe kwa vipande vya mita 3, kimoja kikijazwa kabla ya kingine kufunguliwa. Kuufungua ukuta mzima kwa siku moja kunauondolea ukuta egemeo lake lote.

Mfereji uwe na upana wa sentimita 40. Ndani yake hutandikwa kwanza kitambaa cha kuchujia, kile kisichooza kinachouzwa kwa kazi za barabara, kikiachwa kipana ili kije kukunjwa juu. Hufuata tabaka la kokoto la sentimita 5 hadi 7, kisha bomba la plastiki la inchi 4 lenye matundu. Matundu huelekezwa chini, jambo ambalo huwashangaza wengi. Maji huingia kwenye bomba yakipanda kutoka kwenye kokoto zilizojaa. Matundu yakielekezwa juu, maji lazima yapande mpaka juu ya bomba ndipo yaingie, na tope huingia nayo. Baada ya hapo kokoto hujazwa mpaka sentimita 30 kutoka usoni, kitambaa hukunjwa juu yake, na sehemu ya mwisho hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Kifuniko hiki huyazuia maji ya juu yasiingie: mfereji ni wa maji ya ardhini peke yake. Kwa sababu hiyohiyo bomba la paa halipaswi kuunganishwa nao. Lita 7,500 zikimwagwa kwenye bomba lenye matundu pembeni mwa msingi, kilichojengwa kukausha kinakuwa chombo cha kulowesha.

Nyumba hii itahitaji takriban mita 9 za ujazo za kokoto. Ziwe za robo tatu inchi, ngumu, zilizooshwa, zisizo na vumbi. Kokoto yenye vumbi huziba kabla ya kufanya kazi. Moramu haifai, kwa kuwa ina udongo unaoshikamana. Katika wilaya yenye machimbo ya dhahabu kama Saza kuna kishawishi cha kutumia marudio yaliyobaki baada ya kusaga mawe, kwa kuwa yako karibu na ni mengi. Yasitumike. Ni laini kama unga, hivyo yanaziba, na yanaweza kuwa na zebaki au sayanaidi, ambazo mfereji utazisafirisha mpaka kwenye bustani au kisima cha jirani.

Kwenye kila kona bomba lisimamishwe hadi usoni na kufunikwa kwa kizibo, ili mpira wa maji uingizwe kusafisha. Bila hivyo, mfereji uliozikwa haukaguliki mpaka siku sakafu itakapolowa tena.

Swali la mwisho kuhusu mfereji ni mahali unapotokea. Kwenye mteremko, bomba likiendelezwa mita chache mbele ya nyumba litachomoza lenyewe ardhini na kumwaga. Pale ambapo ardhi mbele inashuka walau sentimita 60 chini ya sakafu, hakuna haja ya pampu, na atakayeuza pampu hapo anauza mzigo. Mteremko haukatiki kama umeme. Mdomo wa bomba uwekewe wavu wa kuzuia panya na nyoka, na maji yasielekezwe kwenye ukuta wa jirani, kisimani, wala kwenye shimo la choo, ambalo likijaa litafurika na kuleta maradhi.

Pampu ni ya kiwanja tambarare, au kile ambacho mtaro wa barabara uko juu kuliko sakafu. Hapo mfereji unaishia kwenye shimo la kukusanyia, na pampu inayanyanyua maji hadi mahali pa kumwaga. Wachimbaji wadogo wa Songwe wanaijua kazi hii vizuri, maana duara likikuta maji hakuna uchimbaji mpaka pampu iyatoe. Tofauti ni kwamba mchimbaji husimama kando ya pampu yake, ilhali pampu ya nyumba inatakiwa ijiwashe yenyewe saa nane usiku watu wakiwa wamelala.

Shimo liwe na kipenyo cha sentimita 60 na kina cha mita moja hivi chini ya sakafu, likiwa mbali kidogo na msingi kwa kuwa linashuka chini ya kitako chake. Lijengewe pete za zege au pipa gumu la plastiki lililotobolewa, chini kuwe na kokoto za sentimita 15, na juu kifuniko kizito ambacho mtoto hawezi kukiinua. Pampu ya kuzamishwa ikalishwe juu ya tofali la saruji, isikae kwenye tope.

Ukubwa wa pampu hupimwa kwa shimo lenyewe wakati wa mvua. Maji yatolewe yote kwa ndoo, kisha zihesabiwe dakika. Kwa kipenyo hicho, kila sentimita 10 za kina ni lita 28. Maji yakipanda sentimita 10 kwa dakika moja, basi lita 28 zinaingia kila dakika, na pampu inayotakiwa ni ya mara mbili yake, lita 60 hivi kwa dakika. Lakini tahadhari kuhusu namba za kwenye boksi. Pampu iliyoandikwa lita 120 kwa dakika na mita 7 haitoi lita 120 kwa kimo cha mita 7. Lita 120 ni pale isiponyanyua kabisa, na mita 7 ni kimo ambacho maji husimama yasitoke. Kama maji yatanyanyuliwa mita 3 na nusu, namba ya kutafuta ni lita inazotoa kwa kimo hicho, na karatasi ya pampu huonyesha.

Swichi ya boya huiwasha pampu maji yakipanda na kuizima yakishuka. Nafasi kati ya kuwasha na kuzima iwe sentimita 30 hivi, sawa na lita 85. Kwa maji ya lita 28 kwa dakika, pampu ya lita 60 itafanya kazi karibu dakika tatu na kupumzika dakika tatu. Shimo likiwa dogo kama ndoo, itawaka na kuzimika kila mara mpaka mota iungue. Boya lizime kabla maji hayajashuka chini ya mota, maana maji ndiyo yanayoipoza, na lisiwe karibu na ukuta wa shimo likanasa. Kwenye bomba la kupandisha kuwekwe valvu inayozuia maji kurudi. Bila hiyo, kila pampu inapozimika, maji yaliyobaki bombani huanguka tena shimoni na kunyanyuliwa upya.

Udhaifu mkubwa wa pampu ni kwamba mvua inayolijaza shimo ndiyo inayoangusha nguzo za umeme. Jenereta ndogo huiendesha pampu ya nusu farasi, mradi iwe na nguvu ya ziada, kwa kuwa mota inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Waya wa pampu upitie kwenye kifaa kinachokata umeme pale unapovuja, na hakuna anayepaswa kukanyaga maji yaliyofika kwenye soketi kabla swichi kuu haijazimwa.

Chumba kikiwa kimejaa tayari, haraka ya kukikausha inaweza kukiangusha. Maji ya ndani yanausukuma ukuta kwenda nje, nayo ya nje yanausukuma kwenda ndani. Ya ndani yakiondolewa yote kwa mkupuo huku udongo wa nyuma ungali umeshiba, ukuta unabaki na msukumo wa upande mmoja. Kwa chumba kirefu kilichojaa, theluthi moja ya maji itolewe kwa siku, alama iwekwe ukutani, na kesho yake itazamwe. Maji yakiwa yamepanda juu ya alama usiku, ardhi bado imejaa na kazi isubiri.

Mfereji wa kokoto na pampu vina mipaka. Mto ukivunja kingo, au maji ya barabarani yakiingia mlangoni, hakuna mfereji wa kokoto wala pampu ya nusu farasi itakayoshindana nayo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga maji husafiri polepole mno, hivyo mfereji ulio mita 3 kutoka ukutani hauusaidii ukuta. Lazima ugusane nao. Na kwa nyumba ambayo bado haijajengwa, kuinua jamvi sentimita 45 juu ya ardhi na kutandika nailoni chini yake ni uamuzi bora kuliko yote yaliyoelezwa hapa.

Kazi ya kuchimba ni ya Juni hadi Oktoba, udongo ukiwa mkavu na umejishikilia. Mwishoni mwa Oktoba vizibo vya kona vifunguliwe na bomba lioshwe, tope la shimoni lizolewe, kisha ndoo kadhaa za maji zimwagwe shimoni boya likitazamwa. Pampu isiyowaka siku hiyo haitawaka Februari.